Nilichomwa sindano zote za kliniki, kifaduro kimempataje mtoto wa wiki nne?

Mama Wawili

Wakuu habari za jioni. Nimetoka wodini juzi na mwanangu, leo ndiyo napata nafasi ya kukaa na simu. Nawasimulia yaliyotukuta, halafu nina swali moja ambalo kule wodini sikumpata wa kunijibu kwa utulivu.

Mtoto ni wa kiume, alizaliwa na kilo 3.1, mzima kabisa. Alipofikisha wiki nne akaanza mafua. Mafua tu, pua inavuja maji, joto hana, ananyonya vizuri. Kaka yake wa miaka saba alikuwa anakohoa wiki ya tatu hiyo, na bibi yao naye anakohoa, lakini ni kikohozi cha watu wanaokula na kupiga stori kama kawaida, hakuna aliyekijali. Zahanati wakasema ni mafua, nimsafishe pua kwa maji ya chumvi. Tukarudi nyumbani.

Usiku wa siku ya tano akaanza kukohoa mfululizo. Si koho moja akapumzika. Ni koho koho koho koho bila kuvuta pumzi katikati, uso unakuwa mwekundu kama nyanya, ulimi nje, macho yanatoa machozi, halafu anatapika ute mzito unaovutika. Akimaliza analala kama vile hakuna kilichotokea. Siku ya sita nikampeleka hospitali. Tulipofika hakukohoa hata mara moja! Daktari akamsikiliza kifua, akasema kiko safi, akaniandikia dawa ya maji ya antibayotiki na ya kufungua kifua. Niliona hata aibu, kama mama mwenye woga.

Siku ya nane, saa kumi alfajiri, akiwa kwenye ziwa, alikohoa mara tatu tu, kisha akanyamaza. Nikadhani amelala. Nikawasha taa, nikaona midomo ni ya bluu, mikono imelegea, kifua hakipandi. Nilimpigapiga nyayo na kumwita jina. Sijui zilikuwa sekunde ngapi, mume wangu anasema kama kumi na tano, mimi kwangu ilikuwa saa nzima. Akavuta pumzi, akalia. Tukio lililofuata mume wangu akalirekodi kwa simu, na ndiyo hiyo video iliyotufanya tulazwe hospitali nyingine. Muuguzi wa mapokezi aliitazama sekunde chache, akambeba mtoto akaondoka naye mbio kwenye chumba cha oksijeni.

Wodini tulikaa siku 11. Wakasema ni kifaduro.

Swali langu: mimi nilianza kliniki mapema na nilichomwa sindano zote za ujauzito, kadi ninayo. Nilidhani zile sindano ndizo zinamkinga mtoto. Imekuwaje? Kuna mahali nilikosea?

---

Mzee Kobe

Pole mama. Ila nikwambie ukweli, hicho si kifaduro, hicho ni KIMEO. Mtoto anakohoa mpaka anatapika, anakuwa bluu, anakwama akinyonya, ni kimeo kimerefuka kinagusa ulimi. Hospitali hawakijui. Tafuta mzee anayejua kukata, dakika mbili tu kazi imekwisha. Wanangu wanne wote walikatwa na wako hai.

---

Tabibu wa Wilaya

Mzee Kobe nitakurudia. Kwanza dada mwenye uzi.

Hujakosea popote. Chukua ile kadi yako ya ujauzito, tazama palipoandikwa chanjo. Utakuta TT au Td. T ni pepopunda, d ni dondakoo. Kifaduro hakimo. Chanjo ya mjamzito yenye kifaduro inaandikwa Tdap, na hizo herufi mbili za mwisho ndizo zinazobeba kifaduro. Kwenye kliniki zetu za umma haitolewi. Sisi watoa huduma ndio tuliowazoesha kina mama kusikia "umeshachoma chanjo", kana kwamba sindano moja ni ya kila kitu. Niliwahi kumwambia mama mmoja hivyohivyo, na mwezi mmoja baadaye nikampokea na kichanga chake.

Lakini wazo lako kwamba sindano ya mama humkinga mtoto ni sahihi kabisa. Ndiyo kazi ya sindano ya pepopunda: mama anatengeneza kingamwili, zinapita kwenye kondo, mtoto anazaliwa nazo, na kitovu kikikatwa kwa wembe usio safi anakuwa na ngao. Kwa kifaduro ni njia ileile. Tatizo ni kwamba mama hawezi kumpa mtoto asichokuwa nacho. Wewe kinga yako ya kifaduro ulipewa ukiwa mchanga, nayo hudumu miaka michache tu, tuseme kati ya minne na kumi na mbili. Ulipokuwa na mimba hii ilikuwa imekwisha siku nyingi. Ndiyo maana hata kaka mtu wa miaka saba, hata kama alipata dozi zote tatu za Penta, ile chanjo ya watoto yenye kifaduro ndani yake, aliweza kukipata na kukileta nyumbani. Kwake ni kikohozi cha kero. Kwa kichanga ni kitu kingine kabisa.

Penta ya kwanza ni wiki ya sita. Mwanao aliugua akiwa na wiki nne. Ameangukia kwenye pengo: ya mama hana, ya kwake bado.

Sasa kuhusu ugonjwa wenyewe, maana ulivyousimulia ndivyo ulivyo hasa kwa kichanga, na ndivyo unavyotupita sisi wa hospitali. Watu wakisikia kifaduro wanasubiri ule mlio, mtoto anamaliza kukohoa na kuvuta hewa kwa sauti ndefu kama jogoo anayejifunza kuwika. Mtoto wa miaka mitatu ataufanya. Mtoto wa wiki nne hana nguvu za kifua za kuutoa. Yeye anakohoa, au anakabwa tu, au hata hakohoi, anaacha kupumua. Wengine dalili ya kwanza kabisa ni hiyo ya kuwa bluu na kulegea. Joto hamna au ni dogo. Na katikati ya tukio moja na jingine anaonekana mzima, kifua safi, hata eksirei inaweza kuwa safi. Daktari wako wa kwanza alisikiliza kifua kilichokuwa kimetulia. Simtetei, alipaswa kuuliza nyumbani nani anakohoa na kwa muda gani. Lakini ile video ilionyesha kile ambacho kusikiliza kifua hakukuonyesha.

---

Nyota ya Pwani

Pole sana dada, nimesoma nikashika mwanangu. Wodini walimfanyia nini siku zote hizo 11? Na je ni kweli ukitoka hospitali kikohozi kinakuwa kimekwisha? Mama yangu anasema sisi tulipona kwa maziwa ya punda.

---

Mama Wawili

@Nyota ya Pwani ahsante mpenzi. Hakijaisha, leo usiku kakohoa mara tisa, nilihesabu. Ila habadiliki rangi tena.

Wodini kwa kweli walimwacha apumzike, ndivyo nilivyoona. Oksijeni kwa vile vimirija viwili vifupi vya puani. Wakanikataza kumchokoachokoa, hata kumwangalia koo kwa kijiko walikataa, walisema kila ukimgusa koo unaita tukio jipya. Siku nne za mwanzo alilishwa maziwa yangu niliyokamua kwa mpira wa pua, kidogokidogo kila saa mbili, kwa sababu akinyonya mwenyewe anakohoa na kutapika yote. Likianza tukio namlaza kwa ubavu, kichwa chini kidogo, matapishi yatoke nje yasiingie kifuani, halafu nafuta mdomo taratibu kwa kitambaa.

Dawa ilikuwa azithromaisini, ile wengi tunaita azuma. Alikuwa na kilo 4, wakampa mililita 1 mara moja kwa siku kwa siku tano. Nilishangaa, mililita moja! Nyumba nzima nasi tukapewa, mpaka bibi. Dawa za kikohozi za dukani walizipiga marufuku zote.

Ila sikuelewa kitu kimoja: alipopimwa damu, chembe nyeupe zilikuwa 38,000 na wakaanza kunong'onezana. Kwa nini?

---

Darubini

Hapo ni eneo langu, niko maabara. Kichanga kwa kawaida ana chembe nyeupe nyingi kuliko mtu mzima, kwa hiyo 15,000 kwake isingemshtua mtu. 38,000 ni habari nyingine. Wangekuonyesha karatasi ungeona nyingi ni limfosaiti. Maambukizi mengi ya bakteria hupandisha aina nyingine ya chembe. Kifaduro hupandisha limfosaiti, kwa sababu sumu ya bakteria wa kifaduro inazizuia zisitoke kwenye damu kwenda kwenye tishu. Zinabaki zinazunguka na kurundikana.

Walinong'ona kwa sababu idadi ikiendelea kupanda ni hatari. Mishipa ya mapafu ya kichanga ni membamba, chembe zikijaa sana damu inakuwa nzito, inapita kwa shida, moyo unasukuma kwa nguvu kisha unachoka. Zikikaribia 100,000 ni hali mbaya mno, na huko kwenye hospitali kubwa wanafikia hata kubadilisha damu. Kwa hiyo walikuwa wanarudia kipimo kuona kama zinapanda au zinashuka, ndiyo maana mtoto alitobolewa tobolewa.

Kipimo chenyewe cha kifaduro ni PCR, cha kutafuta vinasaba vya bakteria: kijiti chembamba chenye usufi kinaingizwa puani mpaka nyuma kabisa. Ukichukua ute wa mbele ya pua umepoteza muda. Na kifanyike ndani ya wiki tatu nne za kwanza za kikohozi. Vituo vingi hawana, kwa hiyo tunaishi kwa kuhesabu limfosaiti na kusikiliza hadithi ya mama.

---

Mama Wawili

Zilishuka. 38, 41, halafu 29. Sasa ndiyo naelewa kwa nini ile 41 iliwafanya wapige simu hospitali ya rufaa.

---

Kandambili

Wakuu na mimi nina kikohozi mwezi wa tatu sasa, usiku natoka jasho naloa shuka, suruali zote zinapwaya. Kwa maelezo haya naona ni kifaduro. Nina kilo 61, azuma nimeze ngapi?

---

Tabibu wa Wilaya

@Kandambili usimeze chochote. Jasho la usiku, kukonda na kikohozi miezi mitatu, kesho asubuhi nenda ukatoe makohozi upimwe kifua kikuu. Hiyo ni bure. Na kama nyumbani kuna mtoto mdogo mwambie mhudumu. Usije ukarudi hapa kuniambia ulikwenda duka la dawa.

@Nyota ya Pwani kikohozi hakiishi haraka. Wanaokiita cha siku mia hawatii chumvi. Mpangilio wake ni hivi: siku kadhaa za mafua, ambazo kwa kichanga ni chache kuliko kwa mkubwa, kisha wiki kadhaa za hivyo vipindi, kisha vinapungua polepole kwa miezi. Dawa ikitolewa siku zile za mafua inaweza kupunguza makali. Ikitolewa vipindi vikishaanza, kikohozi chenyewe kinaendelea na ratiba yake, kwa sababu sumu imeshafanya kazi. Hapo inatolewa ili mtoto asiendelee kuambukiza. Baada ya siku tano za dawa, hatari ya kuambukiza inakuwa imekwisha. Wazazi wengi hawaambiwi hili, siku ya sita wanasema dawa haikufanya kazi, wanaanza kuhama kituo hadi kituo.

Maziwa ya punda hayaui bakteria huyo. Bibi zetu walikuwa wanatupa baada ya wiki sita saba, wakati kikohozi kinaondoka chenyewe. Tena waliopewa ni watoto wakubwa. Kichanga wa wiki nne asipewe maziwa ya punda, asipewe na asali pia, maana naiona inakuja.

Sasa Mzee Kobe. Shikamoo. Kimeo kila mtu anacho. Mtoto akikohoa wiki nzima kinavimba na kuonekana kirefu, kwa hiyo umeona matokeo ukadhani ni sababu. Wanao wanne walipona kwa sababu walikuwa wakubwa wa kutosha kupona. Mimi nimempokea kichanga aliyekatwa akiwa na wiki saba. Alikuja na damu imemjaa tumboni, amepauka kama karatasi, na kikohozi kilekile kiko palepale. Mtoto anayeacha kupumua akiguswa koo, wewe umwingize kisu kooni?

---

Mzee Kobe

Marahaba. Umeongea kisomi, lakini mtoto wa dada yangu alikatwa Jumatatu na Alhamisi kikohozi kikakoma. Hilo utalielezaje?

---

Tabibu wa Wilaya

Alikuwa anakohoa wiki ya ngapi, mzee?

---

Mzee Kobe

Ya saba au ya nane hivi.

---

Binti Tanga

Jamani mimi niko Leicester, Uingereza. Mimba yangu ya pili mkunga aliniambia kuhusu sindano ya kifaduro nilipokwenda kwenye kipimo cha picha cha wiki ya 20. Nilichoma, mkono uliniuma siku mbili, basi. Mimba ya tatu wakaniambia tena. Nikasema mbona nilishachoma miaka miwili iliyopita? Wakasema kila mimba. Nikaona wanatafuta biashara, nikachoma hivyohivyo huku nimenuna. Kumbe kwa nini kila mimba?

---

Tabibu wa Wilaya

Biashara haipo, huko wanaitoa bure. Sababu ni kwamba kingamwili za kifaduro hupanda kwa haraka baada ya sindano, zinafika kileleni kama wiki mbili baadaye, halafu zinashuka haraka pia. Za mimba ya kwanza zinakuwa zimeshuka mno kufikia ya pili. Pepopunda ni tofauti, ukikamilisha dozi tano maishani unaweza kutulia. Hapo ndipo kuna ugumu kwa nchi kama yetu: kubadili Td kuwa Tdap si kubadili chupa tu. Ni kuahidi dozi kila mimba kwa kila mama, na Tdap ni ghali zaidi.

Muda nao una hesabu yake. Kondo hupitisha kingamwili nyingi zaidi miezi mitatu ya mwisho. Wamarekani wanachoma kati ya wiki ya 27 na 36. Waingereza walianza na wiki ya 28, mwaka 2016 wakarudisha nyuma hadi ya 16, mama apate nafasi ndefu zaidi na anayejifungua njiti asikose. Ukichomwa siku tatu kabla ya kujifungua, kinga yako wewe itapanda, lakini mtoto atakuwa ameshatoka bila mzigo wake.

Na Uingereza walianza kwa msiba, si kwa hekima. Mwaka 2012 kifaduro kililipuka, wakafa vichanga 14, karibu wote wadogo mno kwa chanjo. Oktoba mwaka huohuo wakaanza kuchoma wajawazito. Walipolinganisha baadaye, watoto wa mama waliochanjwa walikingwa kwa takribani asilimia 90 katika miezi ile ya kwanza. Ni kati ya matokeo mazuri niliyowahi kuyasoma kwenye chanjo yoyote.

---

Baba Junior

Mimi naona mnazunguka. Mchome baba, bibi, kaka, wote wanaomshika mtoto. Wasipougua, mtoto hapati. Na mama anyonyeshe, maziwa ya mwanzo yale ya njano yana kinga ya kila kitu. Kwa nini umbebeshe mjamzito sindano? Je mimba ikiharibika?

---

Tabibu wa Wilaya

Baba Junior nusu uko sawa. Wanaomwambukiza kichanga ni watu wa nyumbani, hilo ni kweli, mara nyingi ni kaka na dada zake au mama mwenyewe. Hiyo njia yako ya kuzungushia ukuta wamejaribu Marekani na Australia. Ikawa vigumu kuwapata watu wote wa nyumba kwa wakati, na nyumba zetu zina watu kumi na majirani. Lakini kuna jingine. Wamarekani walijaribu kwa nyani: nyani aliyechanjwa kwa aina hii ya chanjo hakuugua, lakini bakteria waliendelea kukaa puani mwake na akawaambukiza wenzake. Yaani baba anaweza kuwa mzima na bado akamletea mtoto. Mtoto akiwa na kinga yake mwilini haijalishi sana nani kampiga chafya.

Maziwa ya mama yana kingamwili na anyonyeshe, sibishi. Ila mama asiye na kingamwili za kifaduro hata maziwa yake hayana za kutosha. Mwenye uzi alikuwa ananyonyesha, tukio lenyewe lilitokea mtoto akiwa kwenye ziwa.

Kuhusu mimba kuharibika: ndani ya chanjo hiyo hakuna bakteria hai, ni vipande. Waingereza walifuatilia wajawazito 20,000 hivi waliochanjwa, watoto kufia tumboni hakukuongezeka. Mkono kuuma na uchovu, hayo yapo.

---

Mkenya Halisi

Nairobi hapa. Nilipata hii chanjo hospitali ya kibinafsi nikiwa na wiki 30, nililipa kutoka mfukoni, bima ilikataa. Ile ya serikali kwa kijitabu cha mama na mtoto nayo haina kifaduro, kama ya kwenu. Daktari wangu hakuniambia, ni mimi niliuliza baada ya mtoto wa jirani kulazwa. Nilikuwa na wasiwasi mmoja: nilisoma mahali kwamba kinga ya mama inafanya chanjo ya mtoto isishike vizuri. Ni ukweli?

---

Darubini

Ni kweli kwa kipimo cha maabara. Watoto wa mama waliochanjwa, ukiwapima baada ya dozi zao tatu, kingamwili huwa chini kidogo. Uingereza hilo halikugeuka kuwa wagonjwa wengi wanaoonekana baadaye. Lakini wao wanatumia aina nyingine ya chanjo kwa mtoto, yenye vipande. Penta yetu ina bakteria mzima aliyeuawa. Kuchanganya Tdap ya mama na Penta ya aina yetu, mimi ningependa kuona takwimu za hapa kabla ya kushangilia.

---

Tabibu wa Wilaya

Hapo tunatofautiana, mkuu. Wanaokufa kwa kifaduro wengi hufa kabla ya miezi mitatu. Mimi niko tayari kupoteza kidogo kwenye miezi ya mbele ili nisizike wa wiki nne. Ila nakubali, swali lako ni halali na halijafungwa.

---

Nyota ya Pwani

Na kwa nini wasichome Penta siku ya kuzaliwa kama ile ya kifua kikuu? Si pengo lingezibika hapohapo?

---

Tabibu wa Wilaya

Lilijaribiwa zamani. Mwili wa kichanga wa siku moja unaitikia hafifu, na kwenye baadhi ya majaribio waliochomwa siku ya kwanza walikuja kuitikia vibaya hata dozi za baadaye. Mapema inayofaa ni wiki ya sita. Na hapa ndipo nawaomba: wiki ya sita iwe ya sita. Naona kadi za watoto Penta ya kwanza imechomwa wiki ya tisa, ya kumi na moja, kwa sababu mama alikwenda kwao kujifungua, au mtoto alikuwa na mafua kidogo akarudishwa. Mafua madogo si sababu ya kumrudisha. Kwa sisi tusio na Tdap, hizo wiki za kuchelewa ndizo tunazoweza kuziokoa.

---

Mama Wawili

Hilo nilitaka kuuliza. Wa kwangu alikuwa wodini wiki ya sita, Penta haikuchomwa. Sasa anakaribia wiki ya saba na ameshaugua. Bado anaihitaji?

---

Tabibu wa Wilaya

Anaihitaji. Kuugua hakumpi kinga ya kudumu, na ndani ya Penta kuna mengine manne. Mradi ametulia na ananyonya, mpeleke wiki hii, beba na karatasi ya kuruhusiwa.

Dalili za kukurudisha hospitali usiku huohuo unazijua sasa: kubadilika rangi, kuacha kupumua, kutapika kila anaponyonya, kupumua haraka akiwa ametulia, joto jipya, degedege. Kupumua haraka pamoja na joto ni nimonia mpaka ithibitishwe vinginevyo, nayo ndiyo inayoua wengi wao.

---

Mama Wawili

Narudi wakuu, imepita zaidi ya mwezi. Alipata Penta ya kwanza, joto kidogo usiku mmoja. Vipindi vikapungua mpaka viwili kwa siku, nikafurahi. Wiki iliyopita kaka yake kaleta mafua ya shule, mtoto kayapata na kikohozi kimerudi kilekile cha kuunganisha! Nimelia. Ina maana kifaduro kimeanza upya?

---

Tabibu wa Wilaya

Anabadilika rangi? Ananyonya?

---

Mama Wawili

Habadiliki. Ananyonya, ana kilo 5.4.

---

Tabibu wa Wilaya

Basi tulia. Njia ya hewa bado ni laini, kila mafua mapya kwa miezi kadhaa yatauamsha ule ukohoaji. Utaisha wenyewe, usimpe azuma tena. Bibi je, aliacha kukohoa?

---

Mama Wawili

Bado. Anasema ni vumbi la barabara.